Mistari angani si kioo kibovu

"Ukiona anga la picha limekatika mistari-mistari, kioo kimeharibika, nunua kingine."

Tafadhali tusiusambaze tena ujumbe huu, unawapotezea watu pesa. Kioo cha kompyuta cha biti 8 kisicho na ubovu wowote kina ngazi 256 tu za mwangaza kwa kila rangi ya msingi. Fungua programu ya picha ya GIMP, chagua zana ya `Gradient`, zima `Dithering`, kisha chora mpito wa kijivu kutoka ngazi ya 20 hadi 60 kwenye upana wa pikseli 1920. Ni hatua 40, kila moja kama pikseli 48, na jicho huona kingo zake. Hapo ndipo wengi hudhani ni ubovu. Rudia ukiwasha `Dithering`: pikseli za ngazi jirani huchanganywa, mistari hufifia kwenye kioo kilekile. Kuchagua `10 bpc`, yaani biti 10 kwa kila rangi, kwenye `Output color depth` ya mipangilio ya kadi ya picha hakurudishi ngazi ambazo picha ya biti 8 haina.