Asilimia 25 ya kiwanda cha korosho: gawio si faida ya pili

Tuseme kampuni moja ya Tandahimba imenunua asilimia 25 ya hisa za kiwanda cha kubangua korosho mjini Mtwara, kwa shilingi milioni 230. Ina mjumbe kwenye bodi ya kiwanda, ila haina kauli ya mwisho. Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu namba 28 kinachukulia kuwa mwenye kura kuanzia asilimia 20 ana ushawishi mkubwa, isipokuwa ionekane wazi kuwa hana. Uwekezaji wa namna hiyo hufuatwa kwa mbinu ya mgawo wa mtaji: thamani yake vitabuni hupanda na kushuka pamoja na mtaji wa kiwanda.

Siku ya kununua andika milioni 230. Mwaka wa kwanza kiwanda kinapata faida ya milioni 80 baada ya kodi. Fungu lako ni milioni 20. Liandike kama mapato, na thamani ya uwekezaji ipande hadi milioni 250, hata kama hujapokea senti.

Baadaye kiwanda kinatoa gawio la milioni 32, nawe unapokea milioni 8. Hapa ndipo vitabu vingi huharibika. Karani anaona fedha zimeingia benki, anaziandika kama mapato, na faida ya mwaka inakuwa milioni 28. Lakini milioni 8 hizo zimetoka ndani ya faida ileile uliyokwisha kuihesabu. Ongeza benki milioni 8, punguza uwekezaji milioni 8. Thamani inabaki milioni 242.

Wenye hisa nao wasidai wagawiwe milioni 20 kwa kuwa wameiona kwenye taarifa ya faida. Fedha taslimu iliyofika ni milioni 8 tu. Milioni 12 bado ziko kiwandani, pengine zimegeuka magunia ya korosho ghafi.

Kuna njia ya haraka ya kulinasa kosa, nami huanza nayo kabla ya kugusa risiti yoyote. Siku ya ununuzi, mali za kiwanda baada ya kutoa madeni zilikuwa milioni 800, kwa hiyo robo yake ni milioni 200. Ulilipa milioni 30 zaidi kwa sababu ya jina na wateja wake. Mwisho wa mwaka mali hizo ni milioni 848, robo yake milioni 212. Ukiitoa kwenye 242, pengo ni lilelile la milioni 30. Karani aliyeandika gawio kama mapato angebaki na 250, na pengo la milioni 38 lingemuumbua. Pengo likibadilika bila sababu kama kushuka thamani kwa uwekezaji wenyewe, rudi kwenye gawio kwanza.

Mwaka wa pili kiwanda kinapata hasara ya milioni 40 na hakitoi gawio. Punguza milioni 10, ibaki 232. Hasara zikiendelea, thamani huishia sifuri. Haiendi chini ya hapo, isipokuwa umejifunga kisheria kulipia madeni ya kiwanda. Hasara iliyozidi iwekee kumbukumbu pembeni, maana faida ikirudi, utaanza kuandika fungu lako baada tu ya hasara hiyo kufidiwa.