Insidensi, prevalensi na viwango vya vifo: kosa liko kwenye asili

Jioni kadhaa kwa wiki huwa nakaa na wanafunzi wa vyuo vya afya hapa Tabora, tukipitia maswali ya mitihani iliyopita, na katika kusahihisha nimegundua kwamba wanaokosa swali la epidemiolojia hawakosei kugawanya. Kikokotoo hugawanya vizuri tu. Wanachokosea ni asili, ile namba inayokaa chini ya mstari wa sehemu, ambayo tulifundishwa shule ya msingi pamoja na kiasi kinachokaa juu yake.

Swali ninalopenda kuwapa ni la kubuni, na namba zake zimepangwa ili hesabu zitoke vizuri. Kata moja ina watu wazima 4,200. Tarehe 1 Januari, watu 200 kati yao tayari wana kisukari. Katika mwaka huo wanagundulika wagonjwa wapya 80. Wanafariki watu 40: 12 ni wagonjwa wa kisukari waliouawa na ugonjwa huo, na 28 ni watu wasiokuwa na kisukari waliofariki kwa sababu nyingine. Hakuna aliyehamia wala kuhama.

Dhana: Insidensi ni wagonjwa wapya kugawanya kwa watu wote wa kata.

Hili ndilo kosa linalojirudia kuliko yote. Mwanafunzi anaandika 80 juu, 4,200 chini, anapata 19 kwa kila watu 1,000, na anahamia kipengele kinachofuata akiwa ametulia kabisa.

Ukweli ni kwamba insidensi hupima uwezekano wa mtu asiyeumwa kuugua katika kipindi fulani, kwa hiyo chini ya mstari hukaa wale tu waliokuwa katika hatari ya kuugua kipindi kilipoanza. Fikiria stesheni yetu ya Tabora, ambapo njia ya reli inagawanyika kwenda Kigoma na Mwanza. Ukitaka kujua ni sehemu gani ya watu waliokuwa wakisubiri hapo ilipanda treni ya Kigoma, huwezi kuwahesabu pia waliokuwa wamekwisha kuketi ndani ya behewa tangu Dodoma, kwa sababu aliyekwisha kupanda hawezi kupanda tena. Wale 200 wako ndani ya behewa tayari, na hivyo hutolewa kwanza:

```
4,200 - 200 = 4,000
80 / 4,000 x 1,000 = 20 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka
```

Tofauti ya 19 na 20 inaonekana ndogo, na wanafunzi hunibishia kwa hoja hiyohiyo. Huwa nawaomba warudie hesabu wakichukulia kwamba waliokuwa wagonjwa tangu mwanzo ni 2,100 badala ya 200. Njia ya makosa itabaki kwenye 19 ilhali jibu sahihi litapanda hadi 38, na hapo ubishi huisha.

Swali likitaja miaka-mtu, asili hubadilika tena, kwa kuwa sasa tunahesabu muda ambao kila mtu alikaa bila ugonjwa akiwa bado chini ya uangalizi. Aliyeugua au kufariki katikati ya mwaka hakuchangia mwaka mzima. Tusipopewa tarehe kamili, tunachukulia kwamba kila mmoja wao alichangia nusu mwaka, kwa hiyo tunaondoa nusu ya 80, ambayo ni 40, na nusu ya 28, ambayo ni 14. Wale 12 hawaguswi, kwa sababu walikuwa wagonjwa na nusu mwaka wao, kama waliugua mwaka huo, umekwisha kuondolewa. Inabaki miaka-mtu 3,946, na 80 kugawanya kwa namba hiyo ni 20.3 kwa kila miaka-mtu 1,000.

Dhana: Prevalensi ikipanda, ugonjwa unaenea zaidi.

Prevalensi ni idadi ya walio na ugonjwa, wapya na wa zamani, kugawanya kwa watu wote waliopo. Tarehe 1 Januari ilikuwa 200 kwa 4,200, yaani asilimia 4.8. Tarehe 31 Desemba wagonjwa ni 200 kuongeza 80 kutoa 12, yaani 268, na watu waliobaki hai ni 4,160, hivyo ni asilimia 6.4. Kumbuka kupunguza waliofariki juu na chini pia, kwani wengi hupunguza juu tu.

Lakini prevalensi hutegemea pia muda ambao mtu hukaa na ugonjwa. Behewa hujaa ama kwa sababu wengi wanapanda, ama kwa sababu hakuna anayeshuka. Ndiyo maana dawa za kufubaza VVU, zinapowawezesha watu kuishi miaka mingi, huweza kuifanya prevalensi ibaki juu hata pale maambukizi mapya yanaposhuka. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa mwaka 2022/2023 uliwakuta watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi wakiwa na prevalensi ya asilimia 4.4, huku maambukizi mapya yakiwa asilimia 0.18 kwa mwaka. Anayesoma namba ya kwanza peke yake hawezi kujua kasi ya maambukizi ya leo, kwa kuwa ndani yake wamo watu walioambukizwa miaka mingi iliyopita.

Kwenye mtihani uhusiano huu huandikwa hivi:

```
prevalensi = insidensi x muda wa wastani wa ugonjwa
```

Kanuni hiyo hukubalika ugonjwa ukiwa nadra na hali ikiwa tulivu, yaani insidensi na muda wa kuugua visipobadilika sana. Kuitumia katikati ya mlipuko wa kipindupindu ni kosa, maana huko namba hubadilika kila siku.

Dhana: Ugonjwa unaoua wagonjwa wengi ndio wenye kiwango kikubwa cha vifo.

Hapa kuna vipimo viwili vyenye majina yanayofanana. Kiwango cha vifo vitokanavyo na ugonjwa huwa na watu wote wa eneo kwenye asili, kwa kawaida idadi ya katikati ya mwaka, ambayo kwetu ni wastani wa 4,200 na 4,160, yaani 4,180. Kwa hiyo 12 kugawanya kwa 4,180 ni 2.9 kwa kila watu 1,000. Uwiano wa vifo miongoni mwa wagonjwa huwa na wagonjwa tu kwenye asili, wa zamani na wapya: 12 kwa 280, yaani asilimia 4.3. Kichaa cha mbwa kinaonyesha pengo hilo vizuri, kwani dalili zikishaanza karibu kila mgonjwa hufariki, lakini ukigawanya vifo hivyo kwa watu wote wa mkoa unapata namba ndogo mno. Kiwango cha vifo vyote, bila kujali sababu, ni 40 kwa 4,180, yaani 9.6 kwa kila watu 1,000.

Dhana: Vifo vya wajawazito hugawanywa kwa idadi ya wajawazito.

Hugawanywa kwa vizazi hai, na huzidishwa kwa 100,000. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulitoa vifo 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Anayefariki akiwa na mimba changa huhesabiwa juu ya mstari ingawa hana mtoto aliyehesabiwa chini, na kwa sababu hiyo kipimo hiki ni uwiano, si sehemu ya mia ya kundi lolote.