Barua ya Radhi Taarifa za Mteja Zikimfikia Asiyehusika

Mteja akija juu kwenye gumzo la huduma, wahudumu wengi humjibu kwa sentensi ileile: “Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza.” Hiyo haitoshi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, kifungu cha 43, inataja mambo ambayo mteja lazima aelezwe, na kwa kawaida mengi ameshayauliza mwenyewe katika hasira yake. Tuchukue mfano wa Jumatatu, saa nne asubuhi:

“Kuna mtu simjui amenipigia ananisomea salio la mkopo wangu! Mmempa nini kingine?”

“Pole sana. Tafadhali tupe nambari ya kitambulisho.”

“Niwape tena? Si mmeshaigawa! Sasa mimi nifanye nini?”

Barua ijibu maswali hayo:

“Ijumaa tulituma taarifa ya mkopo wako kwa baruapepe ya mteja mwingine, kwa sababu tulikosea tarakimu moja tulipoingiza anwani yako. Ilikuwa na jina lako, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu na salio. Haikuwa na nambari ya siri. Kosa ni letu na tunakuomba radhi. Aliyeipokea ametuandikia kwamba ameifuta, ingawa hatuwezi kuthibitisha kwamba hakubaki na nakala. Mtu akikupigia akakutajia salio lako, usidhani kwamba ametoka kwetu, wala usimpe nambari ya siri. Ukitumia Safaricom, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Afisa wetu wa ulinzi wa data anapatikana kwa nambari iliyo hapa chini.”

Kabla ya kuituma, rekebisheni anwani kwenye mfumo. Wapo wanaotuma radhi kwa anwani ileile yenye kosa, na yule asiyehusika anapokea barua ya pili! Wala msimwombe awarudishie nakala. Mwambieni afute, pamoja na iliyobaki kwenye pipa la taka.

“Ameshafuta, yamekwisha,” huambiwa mara kwa mara. Hayajakwisha. Palipo na hatari halisi ya madhara kwa mteja, Kamishna wa Data lazima aarifiwe ndani ya saa 72 tangu taasisi ilipojua. Katika mfano wetu saa zinaanza ujumbe wa kwanza ulipoingia, si siku meneja aliposomewa, hivyo mwisho ni Alhamisi saa nne asubuhi. Mkichelewa, elezeni sababu. Faini ya Kamishna inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, kutegemea kiasi kilicho kidogo.

Nanyi wateja, barua ya radhi si hundi. Fidia hudaiwa kwa madhara yaliyotokea, chini ya kifungu cha 65, na malalamiko yanayopelekwa kwa Kamishna hupaswa kuchunguzwa na kukamilishwa ndani ya siku 90. Hifadhini gumzo lote, pamoja na saa za kila ujumbe.