Kulazwa bila ridhaa Uingereza: karatasi ya daktari inapaswa kusema nini

Familia nyingi za Waswahili huku Uingereza hukutana na neno "kifungu cha 3", yaani kifungu cha sheria cha kumlaza mtu kwa matibabu bila ridhaa yake, saa nane za usiku, mtoto wao akiwa tayari wodini. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili. Haya ni maswali ninayoulizwa kila mara. Kijana ninayemtaja nimemtunga kutokana na wengi niliowauguza.

Mdogo wangu hajampiga mtu wala hajasema atajiua. Mbona wamemlaza kwa nguvu?

Kwa sababu si lazima afike huko. Sheria ya Afya ya Akili ya 1983, inayotumika Uingereza na Wales, inataka madaktari wawili wathibitishe kwamba matibabu ya hospitali ni ya lazima kwa afya ya mgonjwa, au kwa usalama wake, au kwa kuwalinda wengine. Zingatieni hiyo "au". Afya peke yake inaweza kutosha, ikiwa inaporomoka kweli na inaonekana inaporomoka.

Chukueni kijana wa miaka 24 mwenye skizofrenia. Ameacha vidonge vya olanzapini wiki 6 zilizopita. Anaamini chakula chote kimetiwa sumu, kwa hiyo anakunywa maji ya bomba na kula biskuti za pakiti anayoifungua mwenyewe. Amepungua kilo 9. Hajamgusa mtu, lakini mwili unaisha, na mara mbili jirani amemkuta usiku wa baridi amekaa nje na fulana tu, akisema nyumba imewekewa moshi wa kumuua.

Mdogo wangu alinionyesha nakala ya karatasi ya daktari. Imeandikwa tu kwamba "ni hatari kwa nafsi yake na hajitambui kuwa mgonjwa". Hiyo inatosha?

Haitoshi, na inanisikitisha kila ninapoiona. Sentensi hiyo ungeweza kuibandika kwa mgonjwa yeyote. Daktari ametoa hukumu bila kuonyesha alichokiona. Maelezo ya hatari yanatakiwa yajibu: hatari ya nini, imeonekana kwa kitendo gani, lini, na itafika wapi asipotibiwa.

Kwa kijana wetu ningetarajia kusoma hivi: "Nimemwona leo nyumbani kwake. Amekataa kula mbele yangu akisema nyama ina sumu. Uzito wake ulikuwa kilo 68 mwezi Septemba, sasa ni 59. Amekutwa nje usiku mara mbili wiki hii bila nguo za baridi. Mwaka juzi alipoacha dawa hali ilikwenda hivihivi mpaka akaanguka kwa kuishiwa maji mwilini."

Hapo hakuna neno zito hata moja, lakini msomaji anaiona hatari mwenyewe. Na kama daktari kakosea, mnaweza kumjibu: uzito huo ulipimwa wapi? Nani alimkuta nje?

Daktari kaandika kwamba "anaamini majini". Sisi sote tunaamini majini. Ndiyo ugonjwa huo?

Hapana. Imani ambayo mtu anaishiriki na watu wake si dalili ya ugonjwa, na daktari anayeiandika peke yake kama dalili amekosea. Kinachotafutwa ni pale mgonjwa alipoachana na imani ya nyumbani kwao. Nyie ndio mnaojua hilo, kuliko yeyote aliyekuja na faili.

Nilimsikia shangazi mmoja akimweleza daktari jambo hili vizuri sana. Alisema, "Baba, majini tunayajua. Lakini huyu anasema jini limo ndani ya simu yake na linamwamuru asile, na shekhe aliyemsomea katuambia tumpeleke hospitali." Sentensi hiyo ikaingia kwenye karatasi kama ilivyo, na ilikuwa na uzito kuliko istilahi zote.

Ombeni mkalimani wa kazi hiyo. Kaka au binti asigeuzwe mkalimani, maana ndugu hupunguza makali ya maneno, au huyaongeza kwa woga.

Wana uhakika gani kwamba matibabu yatamsaidia?

Sheria haidai uhakika wa kupona. Tangu marekebisho ya 2007, kwa kifungu cha 3 daktari anatakiwa kuthibitisha kwamba tiba inayomfaa mgonjwa huyu ipo, na shabaha yake ni kupunguza ugonjwa au kuuzuia usizidi. Tiba si sindano na vidonge tu. Uuguzi na mazungumzo ya kitaalamu yanahesabiwa. Kumfungia mtu ili tu asionekane mtaani si tiba.

Ushahidi mzuri kuliko wote ni historia yake mwenyewe. Kijana wetu mwaka juzi alipewa olanzapini wodini, baada ya wiki 5 akala na kulala, akarudi kazini kwenye ghala. Hayo yakiandikwa, jibu limepatikana. Yaandikwe pia yaliyomkera: alinenepa, akawa anasinzia kazini, ndiyo maana akaacha. Mpango usiotaja sababu ya kuacha dawa utamrudisha palepale.

Kwa nini wasingemtibu nyumbani?

Swali hili ndilo hujibiwa vibaya kuliko yote. Mara nyingi utakuta "njia nyepesi zimefikiriwa", basi. Zipi? Kumzuia mtu ni halali pale tu ambapo matibabu hayo hayawezi kutolewa bila kumzuia, kwa hiyo kila njia itajwe kwa jina na kuelezwa ilivyoshindikana.

Kwa kijana wetu, timu ya dharura inayotembelea wagonjwa majumbani ilikwenda siku 5 mfululizo. Siku 3 hakufungua mlango. Siku 2 alipokea kidonge, na muuguzi akakikuta baadaye kwenye chungu cha maua. Aliombwa alazwe kwa hiari yake, akakubali asubuhi, na gari lilipofika akatoka kwa mlango wa nyuma. Shangazi yake alijitolea kukaa naye, lakini hakula hata wali alioupika mbele ya macho yake.

Njia hizo zote zilijaribiwa, na kila moja ina sababu ya kushindwa. Kama timu haikwenda hata mara moja, au shangazi hakuulizwa kabisa, hiyo ndiyo sehemu ya kuuliza. Kukosekana kwa wafanyakazi wa kumtembelea si sawa na mgonjwa kukataa kutembelewa, na karatasi isiyafanye kuwa kitu kimoja.

Na tusipokubaliana nao?

Anayewasilisha ombi la kulazwa kwa kawaida si daktari, bali mtaalamu aliyeidhinishwa, mara nyingi afisa ustawi wa jamii. Kabla ya kifungu cha 3 anatakiwa kushauriana na yule ambaye sheria inamwita ndugu wa karibu, isipokuwa haiwezekani, na ndugu huyo akipinga ombi haliendelei, ingawa mahakama inaweza kumwondoa ikiona anapinga bila sababu ya maana. Kwa hiyo ulizeni mapema ni nani kati yenu anayehesabiwa, kwa sababu si lazima awe yule mnayemwona mkubwa wa familia.

Mgonjwa mwenyewe anaweza kukata rufaa kwenye baraza huru: ndani ya siku 14 za mwanzo akiwa chini ya kifungu cha 2, ambacho ni cha uchunguzi na hakizidi siku 28, na mara moja ndani ya miezi 6 ya mwanzo akiwa chini ya kifungu cha 3. Wakili wa rufaa hiyo halipiwi na mgonjwa. Mwambieni muuguzi wa zamu leo hii kwamba anamtaka wakili, na muulize jina la aliyepokea ombi hilo.