Mstari wa jedwali la sayari ni saa, si siku

Mtu anafungua efemerisi, anatafuta tarehe aliyozaliwa, anashuka na safu ya Utaridi, anasoma 29°18' Mizani, kisha anatangaza: "Siku niliyozaliwa Utaridi ilikuwa Mizani." Hesabu yenyewe hata hajaianza.

Efemerisi ni jedwali linaloonyesha sayari zilikuwa wapi angani, tarehe kwa tarehe, zikionekana kutoka duniani. Nafasi huandikwa kwa digrii ndani ya nyota, na kila nyota ina digrii 30. Digrii moja ina dakika 60, ambazo ni vipande vya pembe tu na hazihusiani na dakika za saa ya ukutani. Basi, ufafanuzi umekwisha.

Kinachoniudhi ni hilo neno "siku". Mstari wa tarehe 5 hauelezi tarehe 5 nzima. Unaeleza nukta moja ya wakati, na katika majedwali mengi ni saa sita kamili ya usiku inayoianza tarehe hiyo, yaani 00:00, kwa saa za dunia zinazohesabiwa kutoka Greenwich. Sekunde moja baadaye sayari imeshasogea. Ukitaka kujua ilikuwa wapi mtoto alipolia, unahitaji mistari miwili, ule uliotangulia kuzaliwa na unaofuata, kisha ukadirie katikati. Kukadiria huko ndiko interpolesheni.

Tuchukue mtu aliyezaliwa tarehe 5, saa 3:40 usiku, mahali palipo saa tatu mbele ya Greenwich. Kwanza igeuze iwe saa ya jedwali: 3:40 usiku ni 21:40, toa 3, unapata 18:40. Tarehe bado ni 5. Tuseme mstari wa tarehe 5 una 29°18' Mizani, na wa tarehe 6 una 0°46' Nge. Usitoe 29 kwenye sifuri. Nge inaanza Mizani inapoishia, kwa hiyo isome 0°46' kama 30°46'. Tofauti ni 1°28', sawa na dakika 88. Huo ndio mwendo wa saa 24.

Kutoka 00:00 hadi 18:40 ni saa 18 na theluthi mbili. Zigawe kwa 24, unapata 0.778. Zidisha kwa 88, unapata dakika 68, yaani 1°08'. Jumlisha na 29°18': inakuwa 30°26', maana yake 0°26' Nge. Yule wa "Mizani" amekosa nyota nzima, na jedwali halikuwa na kosa lolote.

Angezaliwa saa 7:20 usiku wa kuamkia tarehe 5, mambo yangegeuka. Hiyo ni 01:20. Ukitoa 3 unarudi 22:20 ya tarehe 4, na mistari ya kutumia ni wa 4 na wa 5. Hapa ndipo wengi huteleza, kwa sababu cheti kinasema tarehe 5 na macho yanakataa kupanda mstari mmoja juu.

Sayari ikirudi nyuma, jedwali huweka alama ya R na namba ya kesho huwa ndogo kuliko ya leo. Hesabu ni ileile, ila mwisho unatoa badala ya kujumlisha. Njia hii inachukulia kwamba mwendo haubadiliki kwa siku nzima, jambo ambalo si kweli kabisa. Kwa sayari kosa hilo ni dogo mno. Kwa Mwezi, unaokwenda digrii 12 hadi 15 kwa siku, linaweza kufika dakika tatu hivi za digrii.

Kuna pia majedwali ya saa sita mchana. Ukilisoma la mchana ukidhani ni la usiku, Mwezi wako utakosea kwa digrii 6 hadi 7 na nusu hivi. Kama kichwa cha ukurasa kimechanika, tazama safu ya saa ya nyota, yaani saa inayopimwa kwa mzunguko wa nyota za angani badala ya jua, karibu na tarehe 21 Machi: ikikaribia 12, jedwali ni la usiku, ikikaribia 0 au 24, ni la mchana. Safu hiyo ni ya kutafutia nyota inayochomoza, kwa hiyo usiiingize kwenye hesabu ya sayari.

Na asiyejua saa aliyozaliwa? Huyo asiandike 29°18'. Tarehe 5 ya kwao inaanza 21:00 ya tarehe 4 kwenye jedwali na kuisha 21:00 ya tarehe 5, kwa hiyo, tukichukulia mwendo wa tarehe 4 nao ulikuwa dakika 88, aandike kwamba Utaridi ilikuwa kati ya 29°07' Mizani na 0°35' Nge, na nyota yenyewe aiache wazi.