Deni la duka ni deni lako: dhana potofu kuhusu jina la biashara

Kazi yangu ni kuwajazia wafanyabiashara wadogo maombi ya BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania Bara, na kuwatunzia hesabu. Sentensi inayonichosha kuliko zote ni hii: "Hilo deni si langu, ni la duka." Anayeitamka huwa ameshika cheti cha jina la biashara, naye anaamini kwamba cheti kile kimezaa mtu wa pili.

Hakijazaa mtu. Kampuni ikisajiliwa chini ya Sheria ya Makampuni inakuwa mtu mbele ya sheria: inamiliki, inadai na inadaiwa kwa jina lake. Jina la biashara linasajiliwa chini ya sheria nyingine kabisa, Sura ya 213, ambayo lengo lake ni kuuambia umma nani yuko nyuma ya bango. Basi. Ndiyo maana huruhusiwi hata kumalizia jina hilo kwa neno "Limited".

Tuchukue mfano wa kubuni. Asha Juma Said ana duka Mbagala, na bango linasema Tumaini Vifaa vya Ujenzi. Amechukua kwa mkopo mifuko 300 ya saruji, kila mmoja shilingi 16,000. Jumla ni shilingi 4,800,000. Biashara ikadorora, akashusha bango na kurudisha fremu kwa mwenyewe, akadhani yamekwisha. Msambazaji anamshtaki Asha, au hata kwa jina lile la bango, maana sheria ya mwenendo wa madai inamruhusu. Akishinda, dalali wa mahakama hatafuti rafu tupu za dukani. Atakamata gari la Asha, au kiwanja chake cha Mkuranga ambacho hakijawahi kuhusiana na saruji. Na kinyume chake ni hivyo hivyo: Asha akikopa kwa ajili ya harusi ya mwanawe akashindwa kulipa, mzigo ulioko dukani haujajificha popote.

Sasa mgeuze awe yeye anayedai. Fundi amechukua nondo hajalipa, na Asha anafungua madai huku hati ikimtaja mdai kuwa "Tumaini Vifaa vya Ujenzi". Wakili wa upande wa pili atasimama na kusema mdai huyo hayupo duniani, na shauri linaweza kutupwa kabla nondo hazijatajwa. Mwenye duka asiye na mbia anadai kwa jina lake mwenyewe. Kwa hiyo kwenye mkataba, ankara na hati ya madai andika hivi, na mimi kwa hili sina mjadala:

Asha Juma Said T/A Tumaini Vifaa vya Ujenzi

Herufi hizo T/A zinamaanisha tu kwamba Asha anafanya biashara kwa jina hilo. Ziwepo pia kwenye akaunti ya benki. Mteja akiandika hundi kwa jina la bango wakati akaunti ni ya jina la Asha tupu, benki itairudisha, na mteja huyo hutamwona tena hadi mwezi ujao.

Kutoka mzizi huo huo hutoka hadithi ya "TIN ya duka". TIN ni ya Asha. Akifungua duka la pili Temeke hapati TIN ya pili, ingawa leseni atahitaji kwa kila eneo. Hatari inakuja anapouza duka pamoja na bango, leseni na mashine ya risiti, na mnunuzi akaendelea kuuza kama kawaida. Kila risiti inayotoka inabeba TIN ya Asha, na TRA watamkadiria Asha. Ukiuza, funga shughuli yako TRA, toa taarifa BRELA, na mnunuzi aanze kwa makaratasi yake.

Mengine nayapitia haraka. "Natumia jina langu, sihitaji kusajili": kweli kama bango linasema Asha Juma Said na kuishia hapo. Ukiongeza neno, mathalani Asha Vifaa vya Ujenzi, sajili.

"Nina cheti, naweza kufungua": cheti si leseni. Leseni utaipata halmashauri, na watataka TIN kwanza.

"Nimesajili, hakuna atakayetumia jina langu": BRELA atakataa jina linalofanana na lako kwenye daftari lake, lakini cheti hakikupi umiliki wa nembo. Hiyo ni alama ya biashara, ina maombi yake na ada yake, na inalindwa miaka 7 kabla ya kuhuishwa. Na daftari la BRELA ni la Bara. Zanzibar wana lao, BPRA. Mwenye mpango wa kufungua tawi Darajani aulize huko kabla hajamlipa mchora mabango.