Askari wa kifaru hali kupe peke yake

Picha ya askari wa kifaru, ndege mdogo wa rangi ya kahawia, aliyetua mgongoni mwa nyati imefundishia watu wengi somo la ushirikiano wa wanyama. Ndege anashiba kupe, nyati anasafishwa, na kila mmoja anapata chake. Kwamba kupe huliwa, tena kwa wingi, hakuna anayebisha. Swali gumu zaidi ni hili: je, mnyama aliyebeba ndege hao hubaki na kupe wachache kuliko mwenzake asiye nao?

Askari wa kifaru wako wa aina mbili, mwenye mdomo mwekundu na mwenye mdomo wa njano, na wote wawili huishi Afrika tu, kusini mwa Sahara. Kucha zao kali na mkia mgumu huwawezesha kupanda na kushuka kwenye mwili wa mnyama kama kigogota kwenye shina la mti. Wanakula kupe, lakini pia wanakula nta ya masikio, kamasi, machozi, vipande vya ngozi iliyokufa, na damu inayotoka kwenye vidonda. Wakikuta kidonda hukidonoa, na kikianza kukauka wanaweza kukifungua tena.

Jaribio lililowafanya wataalamu wafikiri upya lilifanyika Zimbabwe, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2000. Mtafiti Paul Weeks alitumia ng'ombe wa shamba moja walokuwa wakitembelewa na ndege wenye mdomo mwekundu. Sehemu ya kundi ndege waliachwa wawatue kama kawaida; sehemu nyingine walizuiwa wasiwafikie kwa majuma kadhaa. Kisha ng'ombe wa pande zote mbili walihesabiwa kupe na kukaguliwa vidonda na masikio.

Idadi ya kupe waliokomaa haikutofautiana kwa kiwango cha kutiliwa maanani. Kilichotofautiana ni vidonda: ng'ombe waliokuwa na ndege walikaa na vidonda kwa muda mrefu zaidi. Nta ya masikio yao nayo ilikuwa imepungua, na haijulikani kama hiyo ni faida kwa ng'ombe au ni hasara.

Inawezekanaje ndege ashinde akila kupe na kupe wasipungue? Jibu liko katika maisha ya kupe mwenyewe. Mchukue kupe wa masikio, yule wa kahawia anayeeneza ugonjwa wa ndigana kali. Katika maisha yake hupanda mnyama mara tatu: akiwa lava, akiwa tunutu, na akiwa amekomaa, na kila akishiba huanguka chini. Muda mwingi wa uhai wake yuko majanini, mahali ambapo ndege huyu hatafuti chakula. Kwa hiyo ng'ombe aliyesafishwa asubuhi hupata kupe wapya malishoni siku hiyohiyo.

Kuna jambo la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha habari yote. Kupe jike hunyonya polepole kwa siku kadhaa, halafu hujaza sehemu kubwa ya damu yake karibu na mwisho, kabla tu ya kuanguka. Kwa ndege, kupe aliyevimba ndiye mlo wenye maana. Yule aliyejishika leo asubuhi ni punje tu. Kwa ng'ombe hesabu ni kinyume. Faida yake kubwa ingekuwa kuondolewa kupe mapema, kwa kuwa damu haijapotea, na pia kwa kuwa vijidudu vya ndigana kali huchukua siku chache baada ya kupe kujishika ndipo viingie mwilini. Akiondolewa kupe aliyeshiba, ng'ombe amekwisha kupoteza damu, na kama kupe alikuwa na ugonjwa, huenda amekwisha kuambukizwa. Anayenufaika hapo ni kundi la baadaye, maana jike yule angetaga maelfu ya mayai kwenye malisho hayo.

Hata hivyo, nisingependa mtu ahitimishe kwamba ndege huyu ni mnyonyaji aliyejificha nyuma ya sifa nzuri. Jaribio lile lilihusu ng'ombe wa kufugwa, mahali pamoja, kwa muda mfupi. Uchambuzi mwingine uliochapishwa mwaka 2011 ulilinganisha wanyama pori wa aina nyingi na kuuliza ndege hupendelea wapi. Kama damu ndiyo shabaha yao, tungetarajia wawapende wenye ngozi nyembamba, iliyo rahisi kutobolewa. Haikuwa hivyo. Upendeleo wao uliendana na wingi wa kupe, na unene wa ngozi haukueleza kitu. Ukisoma tafiti hizo mbili pamoja, inaelekea kwamba uhusiano huu hubadilika kulingana na hali: kupe wakiwa wengi ndege huwala, wakiadimika jicho hugeukia vidonda.

Wanyama nao si wapole kwa kiwango kimoja. Nyati, twiga na kifaru huwavumilia kwa muda mrefu. Tembo kwa kawaida huwafukuza. Na hata anayewavumilia utamwona akitikisa sikio au kupiga mkia ndege wanapofika mahali penye maumivu.

Kifaru mweusi ndiye anayefanya hesabu hii iwe ngumu zaidi. Mara nyingi ana vidonda vya ubavuni vinavyosababishwa na minyoo midogo ya ngozini, na askari wake hula hapohapo. Kama kupe wangekuwa ndio malipo pekee, ungeshangaa kwa nini anawavumilia. Lakini kifaru haoni mbali. Hutegemea pua na masikio, na adui akimjia kutoka upande ambao upepo haupeleki harufu, anaweza kukaribiwa sana bila kujua. Ndege aliye mgongoni huona, na akimwona mtu hutoa mlio mkali.

Watafiti Roan Plotz na Wayne Linklater walipima jambo hilo katika hifadhi ya Hluhluwe-iMfolozi, Afrika Kusini, na kuchapisha matokeo mwaka 2020. Mtu alimwendea kifaru kwa miguu huku upepo ukipita pembeni ili harufu isimfikie. Kifaru asiye na ndege aligundua kwamba kuna mtu katika asilimia 23 tu ya majaribio, na kwa wastani mtu alikuwa amefika mita 27. Kifaru mwenye ndege aligundua kila mara, na kwa wastani mtu alikuwa bado mita 61. Kila ndege aliyeongezeka aliongeza takriban mita 9. Baada ya mlio, kifaru karibu kila mara aligeuka kuelekea upande ambao pua yake isingemsaidia, yaani upande ambao mwindaji mzoefu angetokea.

Basi kifaru huenda analipa ulinzi kwa damu ya kidonda chake. Ni malipo ambayo hayaonekani ukihesabu kupe peke yao, na kwa ng'ombe anayechungwa na mtu hayana thamani ileile, kwa kuwa ulinzi anao tayari.

Ukipata nafasi ya kuwatazama kwa darubini, usihesabu ndege wangapi wako juu ya mnyama, tazama mdomo. Anayetafuta kupe huulaza ubavu kwenye manyoya na kuufungua na kuufunga haraka haraka huku akisogea, hasa masikioni, kinenani na chini ya mkia. Aliye kidondani hutulia mahali pamoja, hudonoa palepale, na akifukuzwa hurudi palepale. Ukimtazama mnyama mmoja kwa muda, huenda ukaona vyote viwili.